Istilahi Moja, Maana Moja: Uandishi wa Sehemu ya Tafsiri katika Mkataba wa Kiswahili kwa Mfano wa Mauzo ya Tumbaku, Usoke

Ikisiri

Sehemu ya tafsiri katika mkataba huweka maana ya istilahi zitakazotumika katika vifungu vinavyofuata. Makala haya yanafafanua namna ya kuiandika sehemu hiyo kwa Kiswahili ili kila istilahi itumike kwa maana yake tu, na maana hiyo isitajwe kwa neno jingine. Mfano unaochambuliwa ni rasimu ya mkataba wa mauzo ya tumbaku iliyoundwa kwa ajili ya makala haya kwa kuzingatia mazingira ya Usoke, mkoani Tabora. Makala yanaonyesha kuwa kanuni ya istilahi moja kwa maana moja hukabiliwa katika Kiswahili na vikwazo vinavyotokana na ngeli, unyambulishaji, kiambishi cha mahali na mazoea ya kimtindo. Aidha, yanaonyesha kuwa herufi kubwa, ambayo ndiyo alama kuu ya istilahi hizo, haisikiki mkataba unaposomwa kwa sauti.

1.0 Utangulizi

Usoke ni mji mdogo ulioko katika wilaya ya Urambo, kando ya reli ya kati, magharibi ya mji wa Tabora. Eneo hilo lilipitiwa na biashara ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Katika biashara hiyo, mtumba ulikuwa furushi la nguo lililofungwa tayari kwa kubebwa, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa kuwa frasila mbili, yaani takriban kilo 32. Leo bidhaa kuu ya wilaya hiyo ni tumbaku, na maneno hayo mawili, mtumba na mzigo, bado yamo katika biashara yake, pamoja na robota na belo. Kwa mnunuzi na muuzaji wanaofahamiana, wingi huo wa majina hauna madhara. Madhara hutokea majina yote manne yanapoingia katika mkataba mmoja.

Kilimo cha tumbaku huendeshwa kwa mkataba. Kabla ya msimu, chama cha msingi cha ushirika hukubaliana na kampuni ya ununuzi kuhusu kiasi kitakacholimwa na pembejeo zitakazokopeshwa. Mauzo yakishafanyika, deni la pembejeo hukatwa katika malipo ya mkulima. Kwa hiyo, swali la lini tumbaku imeuzwa na kwa uzito upi ndilo linaloamua kiasi kitakachobaki mkononi mwa mkulima baada ya mwaka mzima wa kazi.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, inahesabu watu kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana jambo lilelile kwa maana ileile. Aidha, inayahesabu kuwa batili makubaliano ambayo maana yake si bayana na haiwezi kufanywa bayana. Suala la maana, basi, limo ndani ya uhalali wenyewe wa mkataba. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipoifanya lugha ya sheria za Tanzania kuwa Kiswahili, suala hilo limekuwa pia la mtaalamu wa Kiswahili.

2.0 Rasimu ya Kwanza na Tarehe Tatu za Malipo

Rasimu ifuatayo ina kifungu kimoja cha tafsiri na vifungu vitatu vya utendaji.

1. "Mtumba" maana yake ni robota la tumbaku lililofungwa na mkulima.
4. Mnunuzi atapokea mitumba yote itakayofikishwa ghalani.
7. Malipo yatafanywa ndani ya siku 14 tangu mzigo upokelewe.
9. Hasara yoyote kabla ya tumbaku kupokelewa itakuwa juu ya mkulima.

Kila kifungu kikisomwa peke yake, Kiswahili chake ni sanifu na maana yake inaonekana wazi. Kasoro hujitokeza vifungu vinaposomwa pamoja. Kifungu cha 1 kimefafanua Mtumba, lakini kifungu cha 7 kinazungumzia mzigo na kifungu cha 9 kinazungumzia tumbaku. Msomaji ana haki ya kuuliza kama mzigo ni Mtumba mmoja, au ni shehena nzima ya chama inayopakiwa kwenye lori. Ikiwa ni shehena, mkulima ambaye Mtumba wake umeshauzwa atasubiri mpaka wenzake wote wauze ndipo siku zake 14 zianze kuhesabiwa.

Kasoro kubwa zaidi imo katika kitenzi pokea, ambacho hakikufafanuliwa popote. Tuchukue Mitumba 40 iliyoingia katika ghala la chama tarehe 3 Mei. Tarehe 24 Mei tumbaku hiyo ilipangiwa madaraja, ikapimwa na kuandikwa katika hati ya mauzo. Tarehe 30 Mei lori la mnunuzi liliichukua. Ikiwa kupokea ni kufika ghalani, malipo yalipaswa kufanyika ifikapo 17 Mei, yaani kabla ya bei yenyewe kujulikana. Ikiwa ni kupangiwa daraja na kupimwa, mwisho wa malipo ni 7 Juni. Ikiwa ni kupakiwa kwenye lori, mwisho ni 13 Juni. Tafsiri hizo tatu zote zinakubalika katika Kiswahili cha kawaida.

Tofauti hiyo haiishii kwenye tarehe. Jani la tumbaku lililokaushwa hunyonya unyevu wa hewa na kuupoteza tena hewa inapokauka, na Mei ni mwanzo wa kiangazi mkoani Tabora. Tuseme kila Mtumba ulikuwa na kilo 60 ulipoingia ghalani na kilo 58.5 siku ya kuandikwa hati. Kwa Mitumba 40, uzito wa kwanza ni kilo 2,400 na wa pili ni kilo 2,340. Pengo ni kilo 60, sawa na Mtumba mmoja mzima ambao haukuibwa wala haukuungua, bali umepotea kati ya maana mbili za kitenzi kimoja. Na lau ghala lingeungua tarehe 27 Mei, kifungu cha 9 kingeiweka hasara yote juu ya mkulima au kumwondolea yote, kutegemea maana itakayochaguliwa.

Mahakama zimewahi kukabiliwa na mgogoro wa aina hii. Mwaka 1960, katika shauri la Frigaliment dhidi ya B.N.S., Jaji Henry Friendly wa mahakama ya shirikisho jijini New York alitakiwa kuamua maana ya kuku. Mnunuzi wa Uswisi alidai kwamba neno hilo lilimaanisha kuku wachanga wanaofaa kuchomwa au kukaangwa. Muuzaji wa Marekani alikuwa amepeleka kuku wakubwa wa kuchemshwa, akidai kwamba hao nao ni kuku. Mawasiliano ya awali yalikuwa kwa Kijerumani, lakini jina la Kiingereza la ndege huyo liliachwa lilivyo ndani yake. Mnunuzi alishindwa kwa sababu hakuweza kuthibitisha kwamba pande zote mbili zilikusudia maana finyu aliyoitaka. Fundisho lake kwa mwandishi wa mkataba ni kwamba neno la kila siku, ambalo hakuna anayedhani linahitaji ufafanuzi, ndilo linaloweza kubeba mgogoro mzima.

3.0 Uteuzi wa Istilahi

Hatua ya kwanza ya kusahihisha rasimu ni kuorodhesha vitu na matukio ambayo haki na wajibu hutegemea, kabla ya kuchagua maneno. Katika mfano huu kuna kitu kimoja, yaani tumbaku iliyofungwa. Mahali pamoja, yaani ghala. Na tukio moja linalohamisha hasara na kuanzisha hesabu ya siku. Rasimu ya kwanza ilikuwa na majina manne ya kitu hicho kimoja, na kitenzi kimoja kwa matukio matatu tofauti. Kanuni imevunjwa kwa pande zote mbili: kwa upande mmoja sinonimia, kwa upande wa pili polisemia.

Hatua ya pili ni kuchagua jina moja kwa kila kitu. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni kwamba neno liwe linalotumiwa na watu wa biashara hiyo, na mkataba usilihitaji tena kwa maana yake nyingine. Neno mzigo linashindwa katika kigezo cha pili, kwa sababu mkataba wa mkopo wa pembejeo huenda ukahitaji kutaja mzigo wa deni. Neno tumbaku linashindwa pia, kwa kuwa litahitajika kutajia zao likiwa bado shambani. Mtumba una maana nyingine inayofahamika kote Afrika Mashariki, yaani nguo iliyokwishavaliwa, lakini mkataba wa tumbaku hautakuwa na haja ya kutaja nguo hizo. Maana nyingine ya neno haidhuru ikiwa haina nafasi ya kuingia katika hati.

Hatua ya tatu inahusu sikio. Katika mikataba ya Kiswahili, kama ilivyo katika ya Kiingereza, istilahi iliyofafanuliwa huandikwa kwa herufi kubwa ya mwanzo. Lakini Kiingereza kina pia kibainishi cha ujulikanaji kinachotangulia nomino na kinachosikika. Kiswahili hakina kibainishi hicho, hivyo kazi yote huachiwa herufi kubwa. Mkataba wa ushirika husomwa mbele ya wanachama, na katika kusomwa huko Soko na soko ni neno moja. Mkulima anayesikiliza hana namna ya kujua kama linalotajwa ni tukio lililofafanuliwa, mahali pa kuuzia, au hali ya biashara. Nyaraka za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo hazina herufi kubwa, zilikuwa na hali hiyohiyo hata kwa msomaji.

Kwa sababu hiyo, tukio muhimu linafaa kupewa jina la maneno mawili au matatu ambayo kwa kawaida hayaandamani. Katika rasimu ya pili, tukio hilo limeitwa Saini ya Mauzo. Si msemo wa mazungumzo ya kila siku, na kwa hiyo msikilizaji hutambua kwamba umerejelea sehemu ya tafsiri.

4.0 Uandishi wa Fasili

Baada ya uteuzi huo, sehemu ya tafsiri na vifungu vyake huweza kuandikwa upya kama ifuatavyo.

1. Katika Mkataba huu:
"Ghala" maana yake ni jengo la Chama cha Msingi lililotajwa katika Jedwali la Pili;
"Mkulima" maana yake ni mwanachama wa Chama cha Msingi ambaye jina lake limo katika Jedwali la Kwanza;
"Mtumba" maana yake ni tumbaku ya mvuke iliyokaushwa, iliyofungwa pamoja na kupewa namba moja ya utambulisho;
"Saini ya Mauzo" maana yake ni kusainiwa, na mwakilishi wa Mnunuzi na mwakilishi wa Chama cha Msingi, kwa hati inayoonyesha daraja na uzito wa Mtumba;
"Uzito wa Mauzo" maana yake ni uzito wa Mtumba, kwa kilo, ulioandikwa katika hati hiyo.

4. Mkulima atapeleka kila Mtumba katika Ghala.
7. Mnunuzi atalipa bei ya kila Mtumba kwa Uzito wa Mauzo ndani ya siku 14 baada ya siku ya Saini ya Mauzo.
9. Hasara ya Mtumba kabla ya Saini ya Mauzo itakuwa juu ya Mkulima. Hasara ya Mtumba baada ya Saini ya Mauzo itakuwa juu ya Mnunuzi.

Mnunuzi na Chama cha Msingi hawakuorodheshwa kwa kuwa hutambulishwa kwa majina yao kamili mwanzoni mwa mkataba. Kitenzi pokea kimeondolewa kabisa. Mitumba 40 ya mfano sasa ina tarehe moja ya mwisho wa malipo, 7 Juni, na uzito mmoja, kilo 2,340. Rasimu haisemi kwamba matokeo hayo ni ya haki kwa mkulima. Upungufu wa uzito kabla ya saini umebaki kwake. Inachofanya ni kuuweka wazi upungufu huo ili chama kiweze kuukataa, au kudai bei inayoufidia, kabla ya kusaini. Utata ungeuficha mpaka siku ya malipo.

Mambo mawili katika fasili hizi yanahitaji maelezo. La kwanza ni tofauti kati ya "maana yake ni" na "inajumuisha". Usemi wa kwanza hufunga maana: kisichotajwa hakimo. Usemi wa pili huacha mlango wazi kwa vitu vingine visivyotajwa. Kuandika "maana yake ni na inajumuisha" ni kuufunga mlango na kuufungua kwa wakati mmoja. La pili ni kwamba fasili haipaswi kubeba wajibu. Lau fasili ya Mtumba ingeongezewa maneno "ambao Mnunuzi atalipa ndani ya siku 14", wajibu wa malipo ungefichwa mahali ambapo msomaji hautafuti, na ungejirudia bila kukusudiwa kila neno Mtumba linapotajwa. Hata tumbaku isiyolipwa kwa wakati ingeweza kubishaniwa kuwa si Mtumba.

5.0 Vikwazo vya Kimofolojia na Kimtindo

Istilahi ikishafafanuliwa, hukabiliwa na sarufi ya Kiswahili, ambayo hubadili umbo lake katika sentensi. Kikwazo cha kwanza ni wingi. Mtumba ukiwa Mitumba, badiliko hutokea mwanzoni mwa neno, mahali penye herufi kubwa. Mkataba huweza kueleza kwamba umoja hujumuisha wingi, lakini kuandika "kila Mtumba" ni salama zaidi katika vifungu vya malipo. "Uzito wa Mitumba" huweza kueleweka kuwa ni uzito wa jumla, ilhali "uzito wa kila Mtumba" hauna utata huo.

Kikwazo cha pili ni kiambishi cha mahali. Neno ghalani katika rasimu ya kwanza huweza kumaanisha katika Ghala lililofafanuliwa au katika ghala lolote, na waandishi wengi huliandika kwa herufi ndogo kwa mazoea. "Katika Ghala" huiacha istilahi ikiwa kamili.

Kikwazo cha tatu ni unyambulishaji. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo na mnyambuliko katika neno moja, hivyo hakuna mahali pa kuweka herufi kubwa katika "wamekabidhiana" au "ikipokelewa". Kufafanua nomino kisha kutumia kitenzi kilichotokana nayo ni kurudisha neno lisilofafanuliwa kupitia mlango wa nyuma. Suluhisho ni kufafanua nomino na kuitumia nomino hiyohiyo: si "baada ya pande zote kusaini mauzo", bali "baada ya Saini ya Mauzo".

Kikwazo cha nne ni upatanisho wa kisarufi, na ndicho kigumu zaidi kugundua. Tazama sentensi hii: "Mtumba ukitofautiana na Uzito wa Mauzo, utaandikwa upya." Mtumba na Uzito ni wa ngeli tofauti, lakini vyote viwili huchukua kiambishi cha kipatanishi u- katika umoja. Haijulikani kama kinachoandikwa upya ni Mtumba katika orodha au Uzito katika hati. Vivyo hivyo, "Mkulima atalipwa kwa Mtumba na uzito wake" huacha kimilikishi kikielea, kwa sababu -ake hakitenganishi mtu na kitu. Katika insha, muktadha hutatua. Katika mkataba, istilahi inapaswa kurudiwa badala ya kuachiwa kipatanishi au kimilikishi. Kwa sababu hiyohiyo, "mtumba huo" hakutoshi. Kionyeshi hurejelea kilichotajwa karibuni katika matini, ilhali istilahi hurejelea fasili yake popote ilipo.

Hapo ndipo mazoea ya kimtindo yanapoingia. Mwandishi aliyelelewa kuamini kwamba kurudia neno ni udhaifu ataandika mtumba katika sentensi ya kwanza, robota katika ya pili na mzigo katika ya tatu, na katika insha atasifiwa. Katika mkataba, msomaji, wakili au hakimu ana sababu ya kudhani kwamba neno jipya limeletwa kwa maana mpya. Utata ukibaki, kanuni ya sheria ya kawaida huwaruhusu majaji kulisoma neno kinyume na upande ulioandika hati. Lakini katika mikataba ambayo chama na kampuni wamejadiliana kila kifungu, mwandishi mmoja huenda asipatikane, na msaada huo ukakosekana.

6.0 Uhakiki wa Rasimu

Uhakiki hufanywa kwa pande mbili. Kwanza, kila istilahi hufuatwa katika hati yote ili kuona kama imetumika nje ya maana yake au kwa herufi ndogo. Pili, kila neno jingine linaloweza kutaja kitu kilekile hutafutwa ili liondolewe. Istilahi ambayo haikutumika popote hufutwa. Ile iliyotumika mara moja tu kwa kawaida hufafanuliwa papo hapo katika kifungu chake.

Utafutaji wa kompyuta unahitaji kuzingatia mofolojia. Kutafuta "Mtumba" hakutaipata Mitumba. Kutafuta shina "tumba" kutayapata yote mawili, lakini pia kutaleta kila neno tumbaku lililomo. Amri ya kwanza hapa chini huitafuta istilahi katika umoja na wingi bila kujali ukubwa wa herufi, na ya pili huyanasa maumbo ya kitenzi kilichoondolewa, yakiwemo upokelewe, upokeaji na mapokezi:

```
grep -n -i -o -E 'mi?tumba[a-z]*' mkataba.txt
grep -n -i -o -E '[a-z]*poke[a-z]*' mkataba.txt
```

Amri hizo hazigundui kipatanishi u- kilichokosa mwenyewe wala -ake inayoelea. Kasoro hizo hutafutwa kwa kusoma. Njia mojawapo ni mtu mmoja kusoma vifungu kwa sauti, na mwingine asiyeiona karatasi kutaja, kila istilahi inapofika, ni kitu gani kinachorejelewa. Msikilizaji akisita, au akitaja kitu kingine, kifungu hicho hurudishwa kuandikwa upya. Jaribio hilo linafaa kufanywa na mkulima mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayeusikia mkataba huo mkutanoni.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sehemu ya tafsiri haikamiliki kwa kuorodhesha fasili mwanzoni mwa mkataba. Fasili ya Mtumba katika rasimu ya kwanza haikuzuia tarehe tatu za malipo wala pengo la kilo 60, kwa sababu vifungu vilivyofuata havikuitii. Katika Kiswahili, utii huo unahitaji uamuzi wa kimaksudi: kuchagua jina linalotambulika kwa sikio, kuiacha istilahi katika umbo lake la nomino, kuepuka kiambishi -ni na vitenzi vilivyonyambuliwa kutokana nayo, na kuirudia badala ya kuiachia kipatanishi, kimilikishi au kionyeshi. Swali lililobaki kwa utafiti zaidi ni namna wasikilizaji wa mikataba inayosomwa mikutanoni wanavyotambua istilahi zilizofafanuliwa pale msomaji asipokuwa na alama yoyote ya sauti ya kuzitofautisha na maneno ya kawaida.